Leteni muhtasari: namna ya kuandika dondoo inayobadilisha watia saini wa akaunti

Kiongozi wa kikundi akifika benki kuomba watia saini wa akaunti wabadilishwe, jibu la kwanza huwa fupi: leteni muhtasari. Anarudi kwa wenzake, wanatoa fotokopi ya kurasa nne za daftari la kikao, wanagonga mhuri kila ukurasa, na kesho yake asubuhi wako kwenye foleni. Afisa anaanza kusoma. Anapita kwenye sala ya kufungua kikao, taarifa ya marejesho ya mikopo, na mjadala mrefu wa mwanachama aliyechelewesha mchango wa msiba. Ukurasa wa tatu, katikati, anakuta mstari mmoja: "Wajumbe walikubaliana viongozi wapya ndio watakaosaini benki." Makaratasi yanarudishwa.

Viongozi hutoka hapo wamekasirika, na wengi huamini wamewekewa vikwazo vya makusudi. Lakini mstari ule ungemshinda hata mtu mwenye nia njema. Viongozi wapya ni akina nani kwa majina matatu? Wale wa zamani wameondolewa, au wapya wameongezwa juu yao? Anasaini mmoja, wawili, au wote? Kikundi kina akaunti mbili, ya akiba na ya mfuko wa jamii. Ni ipi iliyozungumzwa? Waliokuwa kwenye kikao wanajua majibu yote, na ndiyo maana hawakuona haja ya kuyaandika. Benki haikuwepo. Isitoshe, katika benki nyingi afisa wa dirishani siye anayeingiza mabadiliko kwenye mfumo. Yeye huskani nyaraka na kuzituma kwa mtumishi mwingine, mara nyingi makao makuu, ambaye hajawahi kukiona kikundi hicho wala hatakiona. Mtu huyo ana karatasi tu mbele yake.

Kinachohitajika, basi, si daftari zima. Ni dondoo iliyothibitishwa: sehemu moja ya muhtasari, ile yenye azimio la watia saini, iliyonakiliwa neno kwa neno, ikitanguliwa na maelezo yanayoonyesha kwamba mkutano ulikuwa halali, na kufungwa kwa maneno ya uthibitisho yenye saini za watu wanaowajibika. Ukurasa mmoja unatosha, mara chache mbili. Mengine yote hubaki kwenye daftari yanakostahili kubaki. Habari za nani anadaiwa na nani aliugua si za kupelekwa kwenye faili la benki.

Sababu ya benki kung'ang'ania karatasi hii ina historia. Mwaka 1856 mahakama ya Uingereza iliamua kesi kati ya Royal British Bank na Turquand. Kampuni moja ilikuwa imekopa fedha benki, na katiba yake iliwaruhusu wakurugenzi kukopa iwapo mkutano mkuu ungepitisha azimio. Kampuni ilipobanwa ilijitetea kwamba azimio halikupitishwa ipasavyo. Mahakama ilikataa utetezi huo: mtu wa nje anayefanya shughuli na kampuni kwa nia njema ana haki ya kuamini kwamba taratibu za ndani zimefuatwa, na halazimiki kuingia chumba cha mikutano kuhesabu kura. Kanuni hiyo ilienea katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, Tanzania na Kenya zikiwemo.

Benki inayopokea dondoo iliyokamilika inasimama juu ya kanuni hiyo. Ikilipa kwa saini za watu waliotajwa humo, imetimiza maelekezo ya mteja wake. Lakini kinga ile ina mpaka. Haimfuniki mtu aliyeona dalili za tatizo akafumba macho. Karatasi yenye tarehe zinazogongana, majina yasiyolingana na vitambulisho, au idadi ya wajumbe isiyofikia akidi ni dalili ya aina hiyo. Kwa hiyo afisa anayerudisha dondoo yenye dosari anaikinga benki, na anakikinga pia kikundi, kwa sababu njia inayopitisha mabadiliko halali kiholela ndiyo ambayo kesho ingepitisha ya tapeli.

Kazi huanza kabla ya kuandika, kwenye mkutano wenyewe. Chukua mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama hai 28, kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti moja benki. Watia saini walikuwa watatu: mwenyekiti, katibu na mhazini. Muda wa mwenyekiti umeisha, mhazini amehamia mkoa mwingine, katibu bado yupo. Katiba inasema akidi ya mkutano mkuu ni theluthi mbili ya wanachama. Theluthi mbili ya 28 ni 18 na ushee, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, akidi ni 19. Jumamosi ya tarehe 14 Februari 2026 wanakutana, wanahudhuria 21. Mkutano ni halali, ili mradi taarifa ya kuuitisha ilitolewa kwa siku ambazo katiba inazitaka.

Hapa ndipo vikundi vingi hujikwaa. Ajenda namba 4 ni uchaguzi, viongozi wapya wanapatikana, watu wanapiga makofi na kuhamia ajenda nyingine. Wanadhani suala la benki limekwisha hapo. Halijaisha. Kumchagua mtu kuwa mhazini ni uamuzi mmoja, na kumpa mamlaka ya kusaini kwenye akaunti ni uamuzi mwingine, hata kama katiba inasema mhazini ndiye mtunza fedha. Benki haifuati vyeo. Inafuata maelekezo ya akaunti iliyopewa siku akaunti ilipofunguliwa, ile fomu ambayo watu wa benki huiita mandeti, na maelekezo hayo yana majina na saini za watu. Yanabaki hai mpaka yabadilishwe kwa maandishi. Kwa hiyo mkutano uwe na ajenda ya pekee, namba 5 kwa mfano, yenye jina lisilo na utata: mabadiliko ya watia saini wa akaunti namba fulani, tawi fulani. Na ajenda hiyo iwe imetajwa kwenye taarifa ya kuitisha mkutano, isichomekwe kwenye mengineyo. Mwanachama aliyekosa kuhudhuria kwa sababu hakujua jambo hilo litajadiliwa ana haki ya kulalamika, na malalamiko yakifika benki mabadiliko husimama.

Katibu makini huja mkutanoni na rasimu ya azimio mkononi, ikiwa na nafasi za kujaza majina. Uamuzi ukishafikiwa anaisoma kwa sauti, neno kwa neno, wajumbe wanaikubali au kuirekebisha, kisha inaingia kwenye daftari vilevile. Faida ya kusoma hapohapo huonekana baadaye. Kwa kawaida muhtasari huthibitishwa na kikao kinachofuata, na kama mkutano mkuu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, benki itauliza: hiki mlichoniletea kimethibitishwa? Mstari mmoja unaosema kwamba azimio lilisomwa na kuthibitishwa na wajumbe kabla ya mkutano kufungwa, pamoja na saini za mwenyekiti na katibu wa mkutano siku hiyohiyo, humaliza swali hilo. Bila mstari huo, kikundi kinaweza kujikuta kinasubiri robo mwaka huku fedha zimekaa.

Sasa azimio lenyewe. Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kuwaondoa watu. Waandishi wa mihutasari hupenda kutaja wanaoingia, kwa kuwa ndio habari njema, na wanaona aibu kuandika kwamba mzee fulani aliyewatumikia miaka sita ameondolewa. Matokeo yake benki inapokea majina mawili mapya na haioni popote pakisema ya zamani yafutwe. Afisa mwangalifu atarudisha karatasi. Asiye mwangalifu ataongeza majina, na kikundi kitakuwa na watia saini watano, wawili kati yao wakiwa hawahusiki tena na chochote. Hakuna lugha ya kukashifu inayohitajika. Inatosha kusema mamlaka yao ya kusaini yamekoma, na shukrani ziandikwe mahali pengine kwenye muhtasari. Na anayeendelea naye atajwe kwamba anaendelea. Kumwacha katibu bila kumtaja kwa kuwa habadiliki ni kumfanya msomaji akisie.

Linalofuata ni utaratibu wa kusaini. Kutaja majina matatu bila kusema wanasaini vipi ni kuacha nusu ya azimio. Wote watatu kwa pamoja? Wawili wowote? Mhazini lazima na mmoja wa wengine? Kila mtindo una gharama yake. Wote watatu kwa pamoja huonekana salama kuliko yote, mpaka siku mmoja anapofariki, anaposafiri au anapogoma. Siku hiyo akaunti haitoi hata shilingi mpaka mkutano mwingine uitishwe na karatasi zote zianze upya. Kumlazimisha mhazini kwenye kila malipo kunampa nguvu ya kukwamisha na kunabeba hatari ileile, ingawa kwa mtu mmoja. Kwa kikundi cha ukubwa huu, wawili wowote kati ya watatu ndio mtindo unaofaa, kwa sharti moja ambalo katiba nyingi hazina na linafaa kuongezwa: watia saini wawili wasitoke kaya moja. Mume na mke wakiwa wawili kati ya watatu, saini mbili zimekuwa moja.

Tarehe nayo ina ugumu wake. Kati ya kikundi na viongozi wake wa zamani, mamlaka hukoma siku mkutano ulipoamua. Lakini benki haiwezi kulaumiwa kwa kulipa kwa saini za zamani kabla haijajulishwa. Mkutano wetu ulikuwa Jumamosi. Jumatatu ya tarehe 16 saa mbili na nusu asubuhi barua inapaswa kuwa kaunta, hata kama picha na vitambulisho havijakamilika. Barua ya nusu ukurasa, yenye dondoo nyuma yake, ikiomba malipo yasimame mpaka watia saini wapya waandikishwe, inaziba mwanya wa wiki mbili au tatu ambao ndio mwanya hatari.

Dondoo ya kikundi hicho, ikiandikwa vizuri, inasomeka hivi:

DONDOO YA MUHTASARI WA MKUTANO MKUU WA WANACHAMA

Jina la kikundi (kama lilivyo kwenye cheti): ……………… Namba ya usajili: ………

Mkutano ulifanyika Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026, kuanzia saa 4:00 asubuhi, katika ………………. Wanachama wanaostahili kuhudhuria ni 28. Waliohudhuria ni 21. Akidi kwa mujibu wa ibara ya …… ya katiba ni theluthi mbili ya wanachama, yaani 19; akidi ilitimia. Mkutano uliongozwa na ……………… na muhtasari uliandikwa na ………………

AJENDA NAMBA 5: Mabadiliko ya watia saini wa akaunti namba ………………, Benki ya ………………, tawi la ………………

Mkutano uliazimia kwamba:

(a) Kuanzia tarehe ya mkutano huu, mamlaka ya kusaini kwenye akaunti iliyotajwa ya ……………… (aliyekuwa mwenyekiti) na ya ……………… (aliyekuwa mhazini) yamekoma.

(b) ……………… (mwenyekiti) na ……………… (mhazini) wameteuliwa kuwa watia saini wapya. ……………… (katibu) anaendelea kuwa mtia saini.

(c) Malipo yoyote kutoka kwenye akaunti yasainiwe na watia saini wawili wowote kati ya watatu waliotajwa katika (b).

(d) Ruhusa zote za huduma za benki kwa simu na kwa mtandao walizopewa waliotajwa katika (a) zifutwe, na ruhusa mpya zitolewe kwa waliotajwa katika (b) kwa utaratibu wa (c).

(e) Kikundi hakina hundi iliyokwisha kutolewa ambayo haijalipwa.

Azimio lilisomwa kwa wajumbe na kupitishwa kwa kura 20 za ndiyo. Mjumbe mmoja hakupiga kura. Azimio lilithibitishwa kabla ya mkutano kufungwa.

UTHIBITISHO: Sisi tuliosaini hapa chini tunathibitisha kwamba maneno yaliyo juu yamenakiliwa kama yalivyo kutoka ukurasa wa …… wa daftari la mihutasari la kikundi; kwamba mkutano uliitishwa na kufanyika kwa mujibu wa katiba; na kwamba hadi leo, tarehe ………, azimio hili halijabadilishwa wala kufutwa.

(Majina matatu, vyeo, saini, tarehe na mhuri wa kikundi.)

Uthibitisho ule unabeba mambo matatu, na kila moja lina mtu anayelihitaji. Kunakiliwa kama yalivyo kunamjibu atakayetaka kulinganisha na daftari. Mkutano kufuata katiba kunaihusu ile kanuni ya mwaka 1856: benki imeambiwa na wenye kikundi kwamba taratibu zimefuatwa. Azimio kutobadilishwa kunahusu muda uliopita kati ya mkutano na siku ya kuwasilisha. Ndiyo maana uthibitisho una tarehe yake, tofauti na ya mkutano. Dondoo iliyothibitishwa Februari ikapelekwa benki Septemba itazua swali, na jibu lake ni rahisi: waliosaini waithibitishe upya kwa tarehe ya karibu. Si lazima mkutano mwingine uitwe, maana azimio lipo palepale.

Nani asaini uthibitisho? Desturi ni mwenyekiti na katibu. Ugumu ni kwamba katika mfano huu mwenyekiti mpya na katibu wote ni watia saini, kwa hiyo wanathibitisha karatasi inayowapa wao wenyewe mamlaka juu ya fedha. Hilo si kosa, na benki nyingi hulikubali, lakini saini ya tatu ya mtu asiyenufaika inaongeza uzito sana. Anafaa aliyeongoza mkutano wakati wa uchaguzi kama siye aliyechaguliwa, au mjumbe wa kamati ya usimamizi. Baadhi ya benki hudai dondoo igongwe mhuri wa wakili. Wakili anayethibitisha nakala hushuhudia kwamba nakala inalingana na kitabu alichoonyeshwa. Hashuhudii kwamba watu 21 walikaa na kupiga kura. Basi daftari halisi liende naye, na mhuri wake usichukuliwe kama tiba ya mkutano usiofikia akidi.

Aina ya taasisi hubadilisha mambo kidogo. Kwa kampuni iliyosajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, uamuzi kwa kawaida ni wa bodi ya wakurugenzi, na dondoo husainiwa na mkurugenzi pamoja na katibu wa kampuni. Benki italinganisha majina na taarifa za usajili, na mkurugenzi mpya ambaye bado hajaingizwa BRELA atakwama hapo hata dondoo ikiwa safi kiasi gani. Ushirika wa akiba na mikopo una Afisa Ushirika anayeujua uongozi wake. Kikundi cha jamii kwa kawaida huombwa barua ya utambulisho kutoka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ikitaja viongozi wapya. Barua hiyo haichukui nafasi ya dondoo, na dondoo haichukui nafasi yake: moja inasema viongozi ni nani, nyingine inasema fedha zitasainiwa na nani.

Majina yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ndiyo yanayorudisha karatasi nyingi kwa jambo dogo. Kikundini mtu hujulikana kama Mama Fulani, na katibu humwandika hivyohivyo kwenye orodha ya mahudhurio. Kwenye kitambulisho cha Taifa ana majina matatu, mojawapo likiwa limeandikwa kwa herufi tofauti na anavyoliandika yeye. Benki huandikisha jina la kitambulisho. Dawa ni kukusanya nakala za vitambulisho vya wateule kabla ya kuandika dondoo na kunakili majina kutoka humo, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya kitambulisho. Ikiwa daftari tayari limeandika Mama Fulani, jina kamili liongezwe pembeni na mwenyekiti na katibu wasaini pembeni yake. Kufuta kwa wino mweupe kwenye daftari la mihutasari ni kosa lisilosameheka, na doa hilo huonekana hata kwenye fotokopi.

Saini nayo ni hivyo. Mtia saini mpya atasaini kadi ya vielelezo mbele ya afisa, na saini hiyo ndiyo itakayolinganishwa na kila fomu ya malipo. Kama kwenye dondoo alisaini kwa haraka kwa herufi mbili na kwenye kadi akaandika jina zima, ameshazua shaka kabla ya muamala wa kwanza. Asiyejua kuandika anaweza kuwa mtia saini kwa dole gumba, kwa utaratibu ambao benki itaueleza. Hilo lisitumike kumnyima mtu nafasi.

Kipengele (d) cha mfano, kile cha simu na mtandao, kingekuwa cha ziada miaka ishirini iliyopita. Leo pengine ndicho muhimu kuliko vyote. Mfumo wa benki kwa mtandao una watumiaji wake, anayeingiza malipo na anayeidhinisha, na huandikishwa kwa fomu tofauti na kadi ya saini. Kubadilisha kadi hakumfuti mtumiaji. Mhazini aliyehama mkoa anaweza kuwa ametoka kwenye karatasi lakini bado simu yake inapokea namba za siri za kuidhinisha malipo na taarifa za salio. Kikundi kiulize waziwazi: ni namba zipi za simu zilizounganishwa na akaunti hii, na nani ana jina la mtumiaji? Jibu lipatikane kwa maandishi, kisha kila jina na kila namba ya wanaotoka ifutwe. Laini ya simu ya kikundi iliyosajiliwa kwa jina la kiongozi wa zamani ni tatizo lilelile kwa sura nyingine. Laini hiyo ni yake kisheria, na anaweza kuirudisha kwa mtoa huduma wakati wowote.

Yapo mazingira ambayo karatasi nzuri peke yake haitoshi. Mtia saini akifariki, kiambatanishwe cheti cha kifo au, wakati kikisubiriwa, kibali cha mazishi au barua ya serikali ya mtaa kama benki inaikubali, na azimio liseme mamlaka yake yamekoma kwa sababu hiyo. Mtia saini akikataa kuondoka, hali ni ngumu zaidi. Kisheria hahitajiki kukubali, kwa sababu mamlaka ni ya mkutano, na benki inayodai saini yake kwenye barua ya mabadiliko inaweza kuombwa ipokee dondoo ya uchaguzi pamoja na barua ya mamlaka ya usajili badala yake. Lakini akiandikia benki kwamba mkutano ulikuwa batili, benki kwa kawaida itazuia akaunti na kuwataka wamalize mgogoro wao, kwa msajili au mahakamani. Hapo ndipo orodha ya mahudhurio yenye saini 21, taarifa ya kuitisha mkutano yenye ajenda namba 5, na hesabu ya kura huwa na thamani kuliko maneno yoyote ya dondoo. Kikundi kisichovihifadhi hakina cha kuonyesha.

Nyaraka zikishakamilika, ziwasilishwe kwa barua inayoorodhesha kila kiambatanisho, na nakala ya barua hiyo igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi na katibu. Kisha, kabla hakijatolewa chochote kikubwa, kikundi kiombe uthibitisho wa maandishi wa majina ya watia saini yaliyopo kwenye mfumo na utaratibu wa kusaini. Mabadiliko huingizwa na binadamu, na "wawili wowote" inaweza kuingizwa kama "wote kwa pamoja". Uthibitisho huo ulinganishwe na dondoo kipengele kwa kipengele. Ukitofautiana hata kwa herufi moja ya jina, katibu arudi tawini siku hiyohiyo.